Kikohozi kilipomeza "h": atalipa au hatalipa?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa chama cha ushirika, na kumbukumbu za vikao huziandika kutokana na rekodi ya simu. Kuna mahali mjumbe anasema mkopaji fulani "hatalipa deni la mbolea", na papo hapo mtu anakohoa. Mimi nasikia "hatalipa" wazi kabisa. Mwenzangu anasikia "atalipa", naye yuko tayari kuapa. Tumerudia zaidi ya mara kumi. Nani kasikia sawa, na niandike nini?

Jibu: Marahaba. Msigombane, kwa sababu huenda mwanzo wa neno hilo haumo kabisa katika mnachokisikia. Kikohozi kimeufunika, na kila mmoja wenu ameujaza mwenyewe bila kujua. Wanaisimu huita jambo hili urejeshaji wa fonimu: kelele ikimeza sauti moja ndani ya neno, msikilizaji huirudisha mahali pake na kuisikia kana kwamba imetamkwa.

Aliyelionyesha kwa jaribio ni Mmarekani Richard Warren, mwaka 1970. Alirekodi sentensi ya Kiingereza iliyohusu magavana wa majimbo na mabunge yao, akachagua neno lenye maana ya "mabunge", akakata sauti "s" iliyokuwa katikati yake pamoja na kingo zake, kipande cha milisekunde 120, yaani zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Penye pengo akapachika kikohozi cha urefu uleule. Kati ya wasikilizaji 20, 19 walisema hakuna sauti iliyokosekana. Wa ishirini alisema ipo, ila akataja sauti nyingine. Tena walipoulizwa kikohozi kilitokea wapi hasa katika sentensi, hakuna aliyepaonyesha sawasawa. Kurudia hakukusaidia, na hata aliyejua kwamba sauti imekatwa aliendelea kuisikia. Ndiyo maana mara zenu kumi hazikuwafikisha popote.

Pengo lilipoachwa kimya, bila kikohozi, watu walilitambua na kulionyesha lilipo. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo. Kimya kinaliambia sikio kwamba hapa hapakuwa na sauti. Kelele kubwa haiambii lolote, kwani sauti ingeweza kuwapo chini yake isisikike. Hapo akili huchukua maneno yaliyozunguka na kuchagua sauti inayofaa. Na kelele ikifanana na sauti iliyopotea, kazi huwa nyepesi zaidi. Sasa fikiria "h" yetu ni nini: ni pumzi inayopita kwenye koo. Kikohozi nacho kina pumzi hiyohiyo, kwa wingi. Kwa hiyo kikohozi chenu kinaweza kuificha "h" iliyotamkwa, na kinaweza vilevile kumpa "h" mtu anayeitarajia.

Bahati mbaya mmeangukia mahali penye hatari kuliko pengine pote katika vitenzi vyetu. Tazama nyakati nyingine: analipa hukanushwa halipi, amelipa ni hajalipa, alilipa ni hakulipa. Kikohozi kikimeza mwanzo, bado katikati au mwisho wa neno utakutobolea siri. Wakati ujao peke yake ndio unaoiacha "-ta-" ilivyo, katika kukubali na katika kukanusha, na alama yote ya ukanushi ikakaa mbele. Lakini hata hapo nafsi hazilingani. Tutalipa na hatutalipa zinatofautiana kwa silabi nzima, watalipa na hawatalipa vilevile, hivyo ukihesabu mapigo ya silabi unaweza kujua. Atalipa ina silabi nne, hatalipa nne. Mkazo uko kwenye "li" katika zote mbili. Kinachozitenga ni ile pumzi moja tu. (Utalipa na hutalipa zina ugonjwa huohuo.)

Utauliza, mbona masikio mawili yakachagua tofauti? Nililiona hili nyumbani kwa jaribio dogo. Nilirekodi neno "kiti", nikakata "k", nikabaki na "-iti". Mbele yake nikaweka mshindo wa kufunika sufuria, kisha nikanakili kipande hichohicho, bila kubadili chochote, na kukiunganisha na vitenzi tofauti. Kilipofuatwa na "kimevunjika", shangazi yangu alisikia kiti. Kilipofuatwa na "vimevunjika", alisikia viti. "Imekauka" ikamletea miti, na "imechanika" ikamletea siti ya gari. Nilipomwambia ni sauti ileile moja, alinitaka niirudie. Ona kwamba kitenzi huja baada ya nomino. Sikio lilisubiri upatanisho wa ngeli, ndipo likaamua lilichokuwa limesikia nyuma. Warren na mwenzake walipata jambo kama hilo kwa Kiingereza, wakibadili neno la mwisho tu la sentensi: neno lilelile lililokatwa mwanzo likasikika "gurudumu", "kisigino", "ganda" au "mlo".

Katika sentensi yako hakuna upatanisho wa kuokoa, kwa kuwa "deni la mbolea" linakubaliana na kulipa na kutolipa. Basi kila mmoja ametumia alichokuwa nacho tayari. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kalifornia, San Fransisko, walipima ubongo wa wagonjwa waliokuwa wamewekewa vipima-umeme, wakiwasikilizisha maneno yenye kelele katikati ambayo yangeweza kusikika kwa namna mbili. Eneo la ubongo linaloshughulikia sauti lilifanya kazi kana kwamba sauti iliyorejeshwa imetamkwa kweli, na shughuli katika sehemu ya mbele ya ubongo iliashiria, hata kabla ya kelele kufika, mtu atasikia lipi. Kwa hiyo hakuna kati yenu anayesema uongo. Kama wewe ulishamwona mkopaji huyo kuwa msumbufu, umesikia "hatalipa" kweli.

Sasa fanya hivi. Nakili rekodi, ifungue kwenye programu inayoonyesha mawimbi ya sauti, kisha nyamazisha kikohozi chote kiwe kimya kitupu. Usiguse nakala ya asili. Ukicheza tena, ujazaji utavunjika na utasikia kilichosalia. Ikiwa kikohozi kiliisha kabla ya neno, "h" itasikika au itakosekana bila ubishi. Ikiwa neno linaanzia pengoni, "-talipa" au "…atalipa" yenye mwanzo uliokatika, basi ushahidi haupo, na hakuna sikio litakaloutoa humo.

Pia msikilize mjumbe huyo mahali pengine. Je, hutamka "hapana" na "hela", au husema "apana" na "ela"? Watu wengi huidondosha "h", na akiwa mmoja wao, hata rekodi safi isingekusaidia. Kisha tazama aliyejibu baada yake. "Lini?" inaelekea kwenye atalipa. "Kwa nini?" inaelekea kwenye hatalipa, ingawa haitoshi peke yake.

Pengo likibaki, andika hivi: "Mjumbe alisema mkopaji [atalipa/hatalipa: neno limefunikwa na kikohozi] deni la mbolea." Usichague kwa niaba yake. Kikao kijacho, kabla kumbukumbu hazijathibitishwa, msomee mjumbe sentensi hiyo na umwombe aseme neno lake, kisha liandikwe kwenye yatokanayo.