Utambi wa Jumamosi usiku: bei iliyoonekana soko moja, isionekane jingine

Swali: Salaam aleikum. Niko Kisauni, nafanya kripto kidogo kidogo, kununua na kuuza tu, sikopi. Nilikuwa na sarafu 800 za mradi mdogo, bei ikiwa dola 2.40. Nikaweka stop kwa 2.30, ijiuze bei ikishuka hapo, nikalala, Jumamosi hiyo. Asubuhi nakuta zimeuzwa zote kwa 2.15, na bei iko 2.38! Nikifungua chati nyingine ya sarafu hiyo hiyo, chini kabisa naona 2.36. Je, nimeibiwa? Na nitajuaje chati ipi ni ya kweli?

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Chati zote mbili ni za kweli. Kripto haina bei moja ya dunia nzima. Kila soko lina daftari lake la oda, wanunuzi wake na wauzaji wake, na chati unayoifungua inachora mauzo yaliyofanyika ndani ya soko hilo na kwa jozi hiyo ya sarafu na pesa peke yake. Utambi, ule mstari mwembamba unaotokeza juu au chini ya mshumaa wa chati, unaweza kuwa umechorwa na mauzo machache tu ndani ya sekunde mbili tatu, na chati haitakuonyesha tofauti mpaka uitafute.

Kabla ya yote linganisha saa. Historia ya mauzo kwenye simu yako mara nyingi husoma saa za hapa, na chati nyingi huanza zikiwa kwenye UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Kama uliuziwa saa saba na dakika kumi usiku, simu itaandika 01:10 ya Jumapili, na chati itaandika 22:10 ya Jumamosi. Watu wengi huapa kwamba utambi wao "haupo" kumbe wanatazama dakika nyingine. Badilisha chati iwe UTC+3, shuka mpaka mshumaa wa dakika moja, ndipo utafute.

Sasa tuingie ndani ya daftari. Sina daftari la usiku ule, kwa hiyo nitatumia tarakimu za mfano zinazofika kwenye bei zako. Chukulia usiku wa Jumamosi wanunuzi wanaosubiri ni hawa: sarafu 3,000 kwa 2.39, sarafu 4,000 kwa 2.36, sarafu 5,000 kwa 2.32, sarafu 3,000 kwa 2.28, halafu pengo tupu, na sarafu 6,000 kwa 2.15. Anakuja mtu mmoja anauza 14,000 kwa bei yoyote ya sokoni. Anamaliza 3,000, anamaliza 4,000, anamaliza 5,000, na zile 2,000 zilizobaki zinaingia kwa 2.28. Bei ya mwisho sasa ni 2.28, chini ya stop yako ya 2.30. Stop yako inaamka. Lakini hukuwa peke yako pale. Watu hupenda namba za mviringo, na 2.30 lazima ilikuwa imejaa stop za wenzio. Tuseme mbele yako kulikuwa na sarafu 4,000 za watu wengine. Za kwanza 1,000 zinapata ile 2.28 iliyobaki, zinazofuata zinaruka pengo na kuangukia 2.15, na 800 zako zinafuata hapo hapo. Sekunde chache baadaye roboti za kununua zinaona bei rahisi, zinazoa kila kinachouzwa, na bei inarudi 2.38.

Umeona kwamba 2.30 uliyoandika haikuwa bei ya kuuzia. Ilikuwa kengele ya kuamsha oda, na oda yenyewe ilikuwa ya kuuza kwa chochote kitakachopatikana. Hilo ndilo lililokugharimu dola 120, yaani 800 mara senti 15.

Mtu huyo huyo angeuza 14,000 zake Ijumaa alasiri, pengine bei isingeshuka hata kufika 2.32. Wanaojaza daftari siku za kazi ni makampuni yanayoweka oda za kununua na kuuza pande zote mbili, na wengi wao hujikinga na hasara kwa kununua au kuuza kwenye masoko mengine. Mifuko ya bitcoin iliyoanza kuuzwa kwenye masoko ya hisa ya Marekani Januari 2024 hufungwa Ijumaa saa tano usiku kwa saa zetu, au saa sita wakati wa majira yao ya baridi, na haifunguliwi mpaka Jumatatu. Benki nazo zimefunga, kwa hiyo dola halisi hazihami kirahisi. Kampuni isiyoweza kujikinga wala kuhamisha pesa hupunguza oda zake na kuzisogeza mbali na bei. Bei ya katikati inabaki ile ile, chati inaonekana tulivu, na chini yake hakuna kitu. Utulivu wa Jumamosi huwadanganya watu kuliko misukosuko ya Jumanne.

Utauliza, mbona wale wanaonunua soko moja na kuuza jingine hawakuiziba tofauti hiyo ya senti 21 kabla haijakufikia? Waliiziba, ndiyo maana bei ilirudi. Lakini anayeweza kufanya hivyo papo hapo ni yule aliyekwisha kuweka dola kwenye soko la kwanza na sarafu kwenye la pili. Kuhamisha mali wakati wa tukio ni kuchelewa. Bitcoin peke yake huchukua kama dakika kumi kwa bloku moja, yaani kundi moja la miamala kuthibitishwa, na soko linaweza kusubiri zaidi ya bloku moja kabla ya kukuingizia. Kwa sarafu ndogo kama yako, wenye akiba pande zote mbili ni wachache mno.

Jambo hili si la sarafu ndogo tu. Tarehe 21 Oktoba 2021, bitcoin ilishuka kwenye soko la Binance.US hadi kama dola 8,200, wakati kwingineko ilikuwa karibu 65,000, kisha ikarudi. Soko lenyewe lilieleza kwamba programu ya mteja mmoja mkubwa ilikuwa na hitilafu. Ilikuwa Alhamisi, wala si wikendi. Soko lenye daftari jembamba hutobolewa siku yoyote, wikendi huongeza uwezekano tu.

Ili kujua kama anguko ni la kweli au ni shimo la soko moja, fungua dakika ile ile kwenye masoko matatu au manne. Kama limetokea kwako tu na bei ikarudi ndani ya dakika chache, ni shimo. Kama yote yameshuka pamoja, au moja lilianza na mengine yakafuata na kubaki chini, bei imeshuka kweli. Kuna usiku ambao mambo yote mawili hutokea kwa pamoja. Ule wa kuamkia Jumamosi, 11 Oktoba 2025, baada ya tangazo la ushuru mpya wa Marekani dhidi ya China, kila soko lilishuka kwa nguvu. Lakini USDe, sarafu inayolenga kuwa dola moja, ilifika kama senti 65 ndani ya Binance huku kwingine ikikaa karibu zaidi na dola yake. Aliyetazama chati moja tu angedhani sarafu imekufa.

Unapolinganisha, angalia pia jozi. BTC/USD, BTC/USDT na BTC/USDC ni vitu vitatu tofauti, maana USDT na USDC ni sarafu zinazolenga kuwa dola moja, si dola yenyewe. Wikendi ya tarehe 11 Machi 2023, baada ya Circle, kampuni inayoitoa USDC, kusema dola bilioni 3.3 za akiba ya USDC zilikuwa kwenye benki ya Silicon Valley iliyoanguka, USDC ilishuka chini ya senti 90. Benki zilikuwa zimefungwa, hakuna wa kukubadilishia USDC kwa dola za benki mpaka Jumatatu. Bitcoin moja ya dola 20,000, ukiigawa kwa 0.90, inasomeka 22,222 kwenye chati ya USDC. Hakuna aliyepata faida hapo, ni rula iliyokuwa imefupika. Kwenye tovuti ya chati ya TradingView unaweza kuandika hesabu moja kwa moja mahali pa jina la sarafu:

```
BINANCE:BTCUSDT*KRAKEN:USDTUSD-COINBASE:BTCUSD
```

Hapo umebadilisha USDT kuwa dola kwanza, kisha umetoa bei ya soko la pili. Tumia mstari wa bei za kufungia, usitegemee tambi zake, maana ncha za masoko mawili si lazima zitokee sekunde moja. Na bei ya shilingi unayoiona kwenye P2P ya M-Pesa usiiingize kabisa kwenye ulinganisho huu. Zile ni bei watu wanazotangaza, zimebeba faida ya muuzaji na hatari anayoibeba, na hupanda na kushuka kwa sababu zake.

Kuhusu stop yenyewe, wikendi ningekushauri Stop Limit badala ya Stop Market, kwa mfano iamke 2.30 na isiuze chini ya 2.25. Usiku ule oda yako ingekaa pale 2.25, na roboti zilipokuwa zikinunua kurudi juu zingeichukua kwa bei hiyo. Bado ungekuwa umeuza, lakini kwa dola 80 zaidi. Ubaya wake uujue vizuri: anguko likiwa la kweli, bei inaipita 2.25 ikielekea 1.80 na wewe umebaki na sarafu zako zote mkononi. Kwa sarafu ambayo unaogopa habari mbaya za ghafla, kinga hii haitoshi. Bora upunguze kiasi kabla ya Ijumaa usiku.

Kabla ya kulala fungua daftari ujumlishe sarafu ambazo wanunuzi wanasubiri kuzinunua kutoka bei ya sasa mpaka stop yako. Katika mfano wetu ni 12,000. Kisha tazama mishumaa ya saa moja ya wikendi iliyopita: kama kuna saa iliyouza 15,000 au 20,000, stop yako iko ndani ya kina cha saa moja ya kawaida, na haina maana kuiacha pale. Oda hizo nazo zinaweza kuondolewa wakati wowote, kwa hiyo hesabu yako ni ya juu kuliko hali halisi.

Umeuliza kama umeibiwa. Fungua mshumaa wa dakika ile kwenye soko lile lile ulilouzia, jozi ile ile. Kama ncha yake ya chini ni 2.15 au chini ya hapo, uliuza sokoni kama wengine na hakuna wa kumdai. Kama mshumaa wa soko lenyewe unaishia 2.22 na wewe umeandikiwa 2.15, chukua namba ya muamala na picha ya chati ikionyesha UTC+3, uwaandikie leo leo.