JQL ya tiketi zilizobadilika hali wiki iliyopita: siku saba zilizopita si wiki iliyopita

Swali: Wakuu habari za jioni. Ofisini tunatumia Jira, na kila Jumatatu natakiwa niingie kikaoni na orodha ya tiketi zilizobadilika hali wiki iliyopita. Natumia `updated >= -7d`. Inaniletea tiketi kibao ambazo hali yake haikuguswa, halafu kuna moja mbili nazojua kabisa tulizifunga hazipo. Nakosea wapi?

Mkuu, salama. Hilo limenitesa miezi kadhaa nikiwa kwenye timu ndogo ya mifumo ya malipo pale Kijitonyama, kwa hiyo nitakueleza kwa mpangilio ule ule nilioangukia mashimo.

Tuanze na `updated`. Hiyo haijui habari ya hali. Mtu akiandika maoni, akibadilisha kichwa cha habari, akiongeza lebo, tarehe ya `updated` inasogea. Sisi Ijumaa moja dada mmoja wa upande wa ubora alibandika lebo kwenye tiketi zote za mradi kwa mkupuo. Jumatatu yake orodha yangu ikawa ndefu kama foleni ya Mwenge jioni, na bosi akaniuliza kama kweli tumefanya kazi zote zile ndani ya siku tano. Unachotaka ni kuuliza historia ya tiketi, na neno la kufanya hivyo ni `CHANGED`:

```
project = MAL AND status CHANGED AFTER -7d
```

Hapo takataka zinaisha, maana Jira inapitia kumbukumbu za mabadiliko ya `status` peke yake. Mimi nilidhani nimemaliza. Nilikuwa nimetatua nusu tu.

Kuna tiketi, tuiite MAL-118, ambayo nilikuwa nimeifunga mwenyewe Jumatatu iliyotangulia saa tatu kasorobo asubuhi. Kwenye orodha haikuwepo. Nikaifungua, nikashuka chini kwenye sehemu ya `History`, na mabadiliko yalikuwa pale, tarehe na saa. Sasa mbona swali haliioni? Sababu ni kwamba `-7d` haimaanishi "tangu Jumatatu iliyopita". Inamaanisha saa 168 kurudi nyuma kuanzia dakika ile unayobonyeza. Siku hiyo mvua ilinyesha, Ubungo haikupitika, nikafika nikafungua ripoti saa tatu na nusu. Basi mstari wa kukata ukaangukia Jumatatu iliyopita saa tatu na nusu, na MAL-118 ikabaki upande wa nje kwa dakika arobaini na tano. Ningewahi kazini ningeiona. Yaani ripoti yangu ilikuwa inategemea daladala.

Na kuna upande wa pili wa kosa hilo hilo, ambao watu hawaugundui kwa sababu unaongeza badala ya kupunguza: tiketi zilizosogezwa asubuhi ile ile ya kikao zinaingia kwenye ripoti ya wiki iliyopita, kisha Jumatatu inayofuata zinaweza kuingia tena. Ukiona tiketi moja imehesabiwa kwenye ripoti mbili mfululizo, na hali yake ilibadilika mara moja tu, shuku hapo kwanza.

Ukiandika `startOfDay("-7d")` badala ya `-7d` unapata saa sita usiku ya siku ile, na tatizo la kuchelewa kazini linakwisha. Lakini kikao kikisogezwa Jumanne kwa sababu Jumatatu ni sikukuu, dirisha lote linasogea nalo siku moja. Wiki ya kalenda inataka maneno ya wiki:

```
project = MAL
AND status CHANGED AFTER startOfWeek("-1w")
    BEFORE startOfWeek()
```

`startOfWeek()` ni mwanzo wa wiki hii, na `startOfWeek("-1w")` ni mwanzo wa wiki iliyopita. Ukiliendesha Jumatatu, Jumatano au Ijumaa, dirisha ni lile lile, na ukilihifadhi kama filta huhitaji kuligusa tena. Unaweza pia kuandika `DURING (startOfWeek("-1w"), endOfWeek("-1w"))`. Mimi napenda `AFTER` na `BEFORE` kwa sababu nikisoma naona mpaka uko wapi bila kufikiri. Usijaribu kuandika tarehe kwa mkono, kama `DURING ("2024/05/06", "2024/05/10")`, ukitegemea ikupe Jumatatu hadi Ijumaa: tarehe isiyo na saa inasomwa kama saa sita usiku ya kuamkia siku hiyo, kwa hiyo Ijumaa nzima inakatwa. Na Ijumaa ndiyo siku watu wanafunga tiketi, sote tunajuana.

Sasa njoo kwenye shimo lililonichukua muda mrefu kuliko yote. Wiki inaanza siku gani? Wewe utasema Jumatatu, na kwa ripoti ya kazi ni sawa. Jira haina uhakika huo. Mwanzo wa wiki unafuata mpangilio wa lugha na nchi: kwa mpangilio wa Marekani wiki inaanza Jumapili, kwa wa Ulaya Jumatatu. Sisi tulikuwa tumeachiwa wa Marekani. Fundi wetu wa seva alikuwa na kawaida ya kumalizia kazi Jumapili jioni watumiaji wakiwa wachache, na tiketi zake zote za Jumapili zilikuwa hazionekani kwenye ripoti ya Jumatatu. Zilikuwa zimeshahesabiwa wiki mpya. Zilitokea wiki iliyofuata, wakati hakuna anayezikumbuka. Jamaa alilalamika kwamba kazi yake haithaminiwi, na kwa kweli hakuwa amekosea.

Kujua uko upande gani ni rahisi. Tafuta tiketi moja iliyobadilishwa hali Jumapili iliyopita tu, siyo siku nyingine za wiki hiyo, iangalie kwenye `History`, kisha endesha swali la hapo juu. Ikitokea, wiki yako inaanza Jumatatu. Isipotokea, inaanza Jumapili. Kama msimamizi wa mfumo hakubali kubadilisha mpangilio, sogeza mipaka mwenyewe kwa siku moja:

```
project = MAL
AND status CHANGED AFTER startOfWeek("-6d")
    BEFORE startOfWeek("+1d")
```

Hesabu yake hii hapa. Tuseme leo ni Jumatatu tarehe 13. Mwanzo wa wiki kwa Jira ni Jumapili tarehe 12. Ukitoa siku sita unapata Jumatatu tarehe 6, ukiongeza siku moja unapata Jumatatu tarehe 13 saa sita usiku. Kati ya hapo ndipo wiki yako ilipo, Jumapili ikiwemo. Lakini toleo hili ni la mfumo unaoanza Jumapili tu. Ukilipeleka kwenye mfumo unaoanza Jumatatu, utapata Jumanne hadi Jumatatu, na hakuna ujumbe wa kosa utakaokuonya.

Jambo la mwisho kwenye tarehe ni saa za eneo. Saa sita usiku ya Jira ni saa sita usiku ya profaili ya mtu anayeuliza, siyo ya Dar. Mwenzangu mmoja akaunti yake ilifunguliwa na mteja wa nje ikabaki kwenye UTC. Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC mwaka mzima, kwa hiyo wiki yake ilikuwa inaanza saa tisa usiku kwa saa za hapa. Tulikuwa tumepandisha toleo jipya saa saba usiku kuamkia Jumatatu. Kwangu tiketi zile zilikuwa za wiki mpya, kwake bado ni Jumapili saa nne usiku, wiki ya zamani. Filta moja, viungo vile vile, orodha mbili tofauti, na tukabishana robo saa mbele ya bosi. Kila anayesoma ripoti aingie kwenye profaili yake aweke Dar es Salaam au Nairobi, zote ni saa ile ile.

Ukishatulia kwenye tarehe, utatamani kuuliza zilizofungwa tu. Hapa angalia sana unavyoandika. Hili linaonekana sawa ila si sawa:

```
status CHANGED TO Done AND status CHANGED AFTER -7d
```

Hayo ni maswali mawili. La kwanza linauliza kama tiketi iliwahi kwenda `Done`, wakati wowote. La pili linauliza kama hali yake ilibadilika karibuni, kwenda popote. MAL-97 ilifungwa muda mrefu nyuma, ikafunguliwa tena Jumatano kwa sababu hitilafu imerudi. Inajibu "ndiyo" kote kuwili, na inaingia kwenye orodha ya kazi zilizofungwa wiki ile ile iliyoharibika. Masharti yote lazima yakae ndani ya `CHANGED` moja ndipo yahusu badiliko moja:

```
project = MAL AND status = Done
AND status CHANGED TO Done
    AFTER startOfWeek("-1w") BEFORE startOfWeek()
```

Hiyo `status = Done` nimeiweka kwa ajili ya tiketi iliyofungwa Jumatano na kufunguliwa tena Alhamisi. Bila hiyo nayo inatokea, kwa sababu ni kweli ilifungwa wiki iliyopita. Ila ujue inaangalia hali ya sasa hivi: tiketi iliyofunguliwa tena leo asubuhi itatoka pia, ingawa wiki iliisha ikiwa imefungwa. Kwetu tulikubaliana itoke, kwa kuwa hakuna faida ya kumsifia mtu kwa kazi iliyorudi. Nyie mnaweza kuamua vingine.

Kama mko kwenye Jira ya mtandaoni utakuta pia `statusCategoryChangedDate`. Ni nyepesi, lakini inasogea pale tu tiketi inapovuka kundi, yaani kutoka la kuanza kwenda la kuendelea au la kumaliza. Kwetu "inaandikwa" na "inapimwa" zote ziko kundi la kuendelea, kwa hiyo tiketi ikitoka kwa mwandishi ikaenda kwa mpimaji uga huo hausemi kitu. Tena unahifadhi tarehe ya mwisho tu. Mimi nautumia kutafuta tiketi zilizokwama muda mrefu, siyo kwa ripoti ya wiki.

Na usitegemee JQL ikuambie nani aliibadilisha, saa ngapi, kutoka wapi kwenda wapi. Inarudisha tiketi, na safu ya hali unayoiona ni ya leo. Tiketi iliyopita hali nne wiki hiyo inatokea mara moja tu. Mimi nachapa orodha, nafungua `History` za zile tatu nne ambazo najua bosi ataziuliza, basi.