Karibu stoo: wiki yako ya kwanza na mambo ya kubeba

Habari dada,

Karibu kwetu Vingunguti. Jumatatu ufike saa 2 asubuhi uniulizie ofisi ya utumishi. Beba vyeti halisi na nakala zake, namba ya NIDA, TIN, picha mbili za pasipoti na karatasi ya benki yenye jina na namba ya akaunti. Kama uliwahi kuajiriwa, njoo na namba yako ya NSSF ya zamani, usijisajili upya. Kila mwezi utakatwa asilimia 10 ya mshahara kwenda huko, nasi tunakuchangia asilimia 10 nyingine.

Leo usiku vipange vyote mezani usome majina, herufi kwa herufi. Mwaka jana kijana mmoja alikuwa "Hamisi" NIDA na "Khamis" benki. Mshahara wake wa kwanza ulirudi, akaupata wiki mbili baadaye, na nauli alikuwa anakopa kwangu. Ukiona tofauti, nipigie kabla ya Jumatatu, tuone kama inatosha kurekebisha benki au utahitaji hati ya kiapo.

Jumatatu hiyohiyo nitakupeleka kwa mhasibu wa mishahara, kisha kwa mtunza stoo mkuu. Huyo ndiye utakayeshinda naye. Haongei sana, lakini ukimuuliza anaeleza. Jumanne na Jumatano utamfuata akipokea mzigo, na Alhamisi utashika leja mwenyewe, yeye akiwa pembeni. Ijumaa mchana tunahesabu stoo, kwa hiyo usipange safari ya jioni.

Jambo moja nakuomba ulikumbuke: usisaini delivari kabla hujahesabu. Mimi nilianzia stoo hiyohiyo. Siku moja lori lilileta saruji, karatasi ikisema mifuko 600. Dereva alikuwa na haraka, mvua inanyemelea, nikasaini. Jioni tulipohesabu tukakuta 588, na minne kati ya hiyo ilikuwa imelowa na kuganda. Muuzaji akasema saini yangu inaonyesha nimepokea 600, tena katika hali nzuri. Hatukuwa na la kujibu.

Siku hizi tunapanga mifuko kumi kumi kwa safu na kuhesabu safu wakati wapagazi wanashusha. Iliyopungua au kulowa inaandikwa kwenye nakala zote za delivari, dereva anasaini pembeni ya maandishi hayo, ndipo nasi tunasaini. Dereva atanuna. Mwache anune, lori haliondoki mpaka mtunza stoo ampe mlinzi kibali cha kutoka.

Vaa viatu vigumu vilivyofunika vidole, ndala haziruhusiwi ghalani. Buti zenye chuma tutakupa, ila niandikie namba ya mguu wako leo, maana za 37 huwa tunaagiza. Mama lishe anafika saa 7, anapokea pesa za simu.

Getini jina lako lipo tayari. Mwonyeshe mlinzi kitambulisho, atakuonyesha mlango wangu.

Afisa Utumishi