Maswali na Majibu: Nimeingizwa tena kwenye kundi, nitokeje?

*"Tangu Mfungo Mosi uandame nimeingizwa kwenye makundi matatu ya harusi, na la mwisho ni la mtoto wa shoga yangu wa tangu utotoni. Nina duka la vitenge Ngamiani, nafunga baada ya isha, na nikifungua simu nakuta ujumbe zaidi ya mia. Naogopa nikitoka watasema nimekimbia mchango."* – Mama wa duka, Tanga

Hofu yako ina msingi, dada yangu, kwa sababu kundi la harusi hapa kwetu hubeba mambo mawili kwa pamoja, yaani mchango na kazi ya kamati. Mweka hazina hubandika orodha kila jioni, na mbele ya kila jina huandika ahadi na kiasi kilichokwisha kutolewa. Anayetoka kabla jina lake halijaandikiwa chochote huhesabiwa kuwa amekwepa, hata kama moyoni alikusudia kutoa. Shoga yako anahitaji kujua kwamba utatoa, na kwamba kazi ya kamati hutaiweza. Akishahakikishiwa la kwanza, la pili atalipokea bila uchungu mkubwa.

Anza basi na mchango, na uamue kiasi ukizitazama harusi zote tatu kwa pamoja, maana wengi wetu huahidi kwa furaha katika ya kwanza na kuumbuka katika ya tatu. Tuseme uwezo wako wa msimu huu ni shilingi 100,000. Huyu wa utotoni ndiye wa karibu zaidi, kwa hiyo mtengee 60,000, na hao wawili 20,000 kila mmoja. Angalia pia kiwango cha kadi kilichotajwa na kamati, kwa kuwa mara nyingi kuna kiwango cha kadi ya mtu mmoja na kingine cha kadi ya watu wawili. Ikiwa 20,000 haifikii hata kile cha chini, itoe kama pongezi na usiulizie kadi. Ukituma kwa simu, ongeza na ya kutolea, ili mweka hazina asilazimike kuandika pungufu mbele ya jina lako.

Baada ya hapo zungumza na aliyekuingiza, faragha, siku hiyo hiyo au kesho yake, kabla hujatoka. Ukikaa kimya wiki tatu, watu watakuwa wamekwisha kukuhesabu katika kikao, pengine hata kukupangia kazi ya mapambo au ya chakula, na kutoka kwako kutaacha pengo ambalo mtu mwingine atalazimika kuliziba. Shoga wa utotoni usimtumie maandishi peke yake; mpigie, au pita kwake jioni moja ukiwa njiani kurudi nyumbani. Hao wengine wawili ujumbe unawatosha, kwa mfano huu:

"Asalaam aleikum, dada. Nimeona umeniweka katika kundi la harusi ya kijana wetu, Mungu aijaalie heri. Kazi ya kamati sitaiweza, kwa kuwa niko dukani hadi baada ya isha. Mchango wangu ni shilingi 20,000, nitautuma kwa mweka hazina kabla ya tarehe 15. Naomba uniwie radhi, nitatoka katika kundi leo usiku."

Sababu iliyomo humo ni moja, na ni ya kweli. Usiongeze ya pili. Ukisema huna muda jioni na pia simu yako ni mbovu, atakwambia vikao ni Jumapili asubuhi na kwamba mwanawe anajua fundi mzuri wa simu, na utajikuta unapatana bei juu ya kukataa kwako. Akikusihi tena, rudia sentensi ile ile kwa upole: "Kazi ya kamati sitaiweza, dada yangu, ila mchango wangu upo." Kisingizio cha simu mbovu kina hatari nyingine, kwamba kesho yake ataona umeweka picha za vitenge vipya kwenye status.

Utajua mambo yamekwenda vizuri pale orodha ya mweka hazina itakapoendelea kuonyesha jina lako pamoja na ahadi yako, ingawa wewe humo tena. Mwombe aliyekuingiza alihakikishe hilo, kisha itimize ahadi kabla ya tarehe uliyoitaja. Tarehe ikipita kimya, ile hofu yako ya kusemwa itakuwa umeitengenezea ushahidi wewe mwenyewe.

*"Kuna kaka wa mtaani kwetu kila akifungua grupu jipya la biashara ananiweka. Nikitoka, baada ya siku mbili ananirudisha. Nimemweleza mpaka nimechoka."* – Kijana wa Chumbageni

Kwa mtu wa namna hii maneno yamekwisha fanya kazi yake, na sasa tumia mpangilio wa simu. Katika WhatsApp ingia Settings, kisha Privacy, kisha Groups. Utakuta pameandikwa Everyone, yaani mtu yeyote mwenye namba yako anaweza kukuingiza. Ukichagua My contacts, ni wale tu uliowahifadhi katika simu watakaoweza. Kwa kuwa huyu ni jirani na bila shaka namba yake umeihifadhi, kinachokufaa ni My contacts except..., ambapo unaweka alama kwenye jina lake peke yake na wengine wote wanabaki kama walivyokuwa. Ukitaka asiwepo hata mmoja wa kukuingiza moja kwa moja, weka alama kwa wote.

Baada ya hapo, akijaribu kukuongeza, simu yake itamwambia hawezi na itampa nafasi ya kukutumia mwaliko wa faragha, ambao unadumu siku tatu na usipoukubali unaisha wenyewe. Nakusihi usiuache uishe hivi hivi mara ya kwanza, kwa kuwa yeye ataona umemfungia mlango bila hata kuitika hodi. Mjibu kwa mstari mmoja: "Kaka, ahsante kwa mwaliko. Makundi ya biashara nimeyasimamisha yote. Ukiwa na bidhaa unayodhani inanifaa, nitumie mwenyewe hapa." Mwaliko wa pili na wa tatu unaweza kuupita, kwa sababu jibu analo.

Watu wengi bado wanadhani kwamba ukitoka kundi zima linatangaziwa. Tangu mwaka 2022 taarifa ya kutoka huwafikia wasimamizi wa kundi tu. Hata hivyo, kwa siku 60 mwanachama yeyote anaweza kufungua orodha ya walioondoka na kuliona jina lako, kwa hiyo usitegemee kwamba kutoka kwako ni siri. Tegemea tu kwamba hakutazua mjadala papo hapo.

*"Mjomba wetu mkubwa amefungua kundi la ukoo, watu wa Pangani, Muheza mpaka Dar es Salaam. Salamu zinaanza alfajiri. Mimi ni muuguzi wa zamu za usiku, ndiyo kwanza nalala. Siwezi kumwambia mjomba sina muda."* – Mpwa, Raskazone

Kwa maoni yangu hapa usitoke. Kundi la ukoo ndimo utakamopata habari ya ugonjwa, ya posa na ya shamba la babu, na mjomba atakuuliza juu yake uso kwa uso siku ya Idi. Unachokataa ni kelele, na kelele zina dawa yake: fungua kundi, gusa jina lake juu, chagua Mute, kisha Always. Hakuna atakayejua kwamba umefanya hivyo. Ukitaka lisikae hata mbele ya macho yako, lihamishie Archived. Kwa kawaida aliyekutaja kwa jina au kukujibu wewe moja kwa moja bado atakufikia, jambo ambalo katika ukoo ni jema.

Hata hivyo kunyamazisha kundi pekee hakutoshi, kwa kuwa wazee hutazama nani ameitika dua na nani hakuitika. Siku ambayo huna zamu mpigie mjomba, mwamkie, na umweleze: "Shikamoo, mjomba. Kundi ulilotufungulia ni jema. Mimi nafanya kazi usiku na asubuhi nalala, kwa hiyo nitakuwa nalisoma Ijumaa baada ya Sala. Likitokea la haraka, naomba mnipigie." Umemtajia siku, naye sasa anaweza kukutetea kwa shangazi zako watakapouliza mbona huitikii. Kisha Ijumaa ingia kweli, hata kwa dakika tano, uitikie lililo jipya.

*"Niliingizwa kwenye kundi la msiba wa jirani. Mazishi yamepita. Ni adabu kutoka lini?"* – Msomaji wa Makorora

Subiri matanga yaanuliwe na hitma isomwe, na ikiwa kulikuwa na mchango, subiri mpaka hesabu yake ibandikwe. Baada ya hapo ondoka kimya, usiandike ujumbe wowote wa kuaga, kwa kuwa kundi hilo ni la wafiwa na maneno yako yatawashughulisha bila sababu. Ikiwa wafiwa wametangaza arobaini na wewe unakusudia kwenda, andika tarehe pembeni kabla ya kutoka.

*"Mimi ni katibu wa kamati, ndiye ninayewaingiza watu. Watu wakitoka naumia na naaibika mbele ya mwenyekiti. Niwaombe vipi?"* – Katibu, Pongwe

Nimefurahi umeuliza, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito huu huanzia kwenu makatibu. Kamati inapokupa kitabu cha namba za simu, usiwaingize wote usiku mmoja. Mtumie kila mmoja ujumbe wake, utaje shughuli ni ya nani, kundi litadumu hadi tarehe gani, na anaombwa mchango tu au na kazi pia, halafu umalize kwa kumwachia njia: "Ukipenda kuchangia bila kuwa ndani ya kundi, niambie, nitaliandika jina lako." Kwa watu 80 kazi hiyo itakuchukua jioni mbili au tatu, lakini wale watakaoingia watakuwa wameingia kwa ridhaa yao.

Wale wasioingia waandike katika orodha sawa na wengine, bila alama yoyote ya kuwatenga, na risiti zao uwatumie faragha. Mwenyekiti akiuliza mbona fulani hayumo kundini, utamwonyesha jina lake na kiasi alichotoa. Na akitoka mtu ambaye tayari alikuwa ndani, usimrudishe kabla ya kumuuliza, mwandikie tu, "Nimeona umetoka, nakuwekea jina lako kwenye orodha ama niliondoe?" Jibu atakalokupa lifuate kama lilivyo.