Kwa Marubani Wenza Wapya: Hewa Nyepesi Haina Hatia

Kila kundi jipya linaloingia kwenye simuleta hunipa jibu lilelile nikiuliza kwa nini kasi ya sauti hupungua tunapopanda: "Kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi, mwalimu." Wanalisema kwa kujiamini sana, nami nimechoka kulisahihisha kwenye korido, basi nimeona niliandike.

1. Mkosaji ni baridi. Sauti ni msukumo ambao molekuli za hewa hupokezana kwa kugongana, kwa hiyo haiwezi kwenda upesi kuliko mbio za molekuli zenyewe zinavyoruhusu, na mbio hizo huamuliwa na halijoto. Shinikizo hushuka kweli, lakini msongamano nao hushuka. Kinachoamua kasi ya sauti ni uwiano wa hivyo viwili, na uwiano huo hufuata halijoto peke yake. Ikiwa T ni halijoto kwa kelvini, kasi ya sauti kwa noti ni:

a = 38.94 × √T

Usawa wa bahari, kwenye nyuzi 15 za Selsiasi, utapata noti 661. Kwenye futi 36,089 za angahewa sanifu, ambako ni nyuzi 56.5 chini ya sifuri, utapata 573. Kutoka hapo hadi futi 65,000 hewa huzidi kuwa nyepesi, lakini halijoto sanifu haibadiliki, na kasi ya sauti hubaki 573 ileile. Kama wepesi wa hewa ndio ungekuwa sababu, namba hiyo ingeendelea kuanguka. (Jedwali ni jedwali tu: kwetu karibu na ikweta baridi huendelea kuongezeka hadi kilomita 16 hivi.)

2. Kung'ang'ania noti. Hapa ndipo ninapoona uchungu. Juzi nilimpa kijana mmoja, hodari kweli, 737-800 nyepesi, nikamzimia mitambo ya kujiendesha na kumwambia apande kwa noti 280. Alizishika kama alivyoagizwa na mama yake. Futi 10,000, noti hizo ni Mach 0.51, futi 20,000, ni 0.61, futi 30,000, ni 0.74. Sindano haikutikisika, naye akatabasamu. Hakuona kwamba ili hewa nyembamba imsukumie kipima kasi shinikizo lilelile, ndege ilikuwa inalazimika kwenda mbio zaidi na zaidi, huku kasi ya sauti ikimshukia kutoka juu. Alipofika karibu na futi 34,900, ule mstari wenye vipande vyekundu na vyeusi ukamfikia, na kengele ya mwendo kupita kiasi ikaanza kutatarika. Akanigeukia: "Lakini mwalimu, kikomo si noti 340?" Ndiyo, ndugu yangu, ila kwa ndege hii kikomo hicho hutawala hadi futi 26,000 hivi tu. Baada ya hapo kikomo ni Mach 0.82, ambayo kwenye futi 37,000 ni noti 267. Angefika huko na 280 zake, angekuwa kwenye Mach 0.856.

Alipaswa kuziacha noti kwenye futi 32,500 hivi, ambako 280 hulingana na Mach 0.78, kisha aishike Mach hiyo na kuziacha noti zishuke zenyewe.

3. Kwa nini bawa linajali Mach. Hewa inayopita juu ya mgongo wa bawa huenda mbio kuliko ndege yenyewe, hivyo hufikia kasi ya sauti mapema, ndege ikiwa bado chini yake. Hapo wimbi la mshtuko hujengeka juu ya bawa, hewa iliyo nyuma yake hubanduka, na mkono husikia mtetemo. Ukiendelea, kitovu cha mnyanyuo husogea nyuma na pua huanza kuinama, jambo linaloongeza mwendo badala ya kuupunguza. Haya yote huanza kwa uwiano wa mwendo wako na kasi ya sauti ya mahali ulipo, wala si kwa idadi fulani ya noti.

4. Msiniambie "leo juu kuna baridi, kwa hiyo noti 267 zitatufikisha kwenye kikomo mapema." Kwenye kimo kilekile cha shinikizo, noti za kwenye kipima na Mach vimefungana; baridi hupunguza kasi halisi na kasi ya sauti kwa kiwango kimoja. Mtakachopoteza ni dakika za kufika.

5. Wakati wa kushuka, mtego hugeuka. Ukiishika Mach 0.78 kwa ukaidi, noti zitapanda, na kwenye futi 23,300 hivi utazigonga zile 340. Badilisha mapema.