Sera ya faragha kwa Kiswahili chepesi: pale maana inapoponyoka

"Wakuu, nimepewa kazi ya kurahisisha sera ya faragha na tangazo la kuki la duka la mtandaoni ili mteja wa kawaida aelewe. Mwanasheria wao anasema nisiguse maana. Naanzia wapi?"

Mkuu, kazi kama hiyo niliifanya hapa Mwanza kwa jamaa wanaouza dagaa kwa oda za simu. Wateja wao wengi wako Mwaloni Kirumba na huko Ukerewe. Anza na jedwali. Kwa kila sentensi ya sera andika: nani anafanya nini, kwa taarifa zipi, anampa nani, kwa sharti gani, na mteja ana hiari gani. Ukishamaliza, iweke sera pembeni uandike kutoka kwenye jedwali, kisha urudi kuhakiki kwamba hakuna kisanduku kilichoachwa.

Kifungu kilichonisumbua kilikuwa hiki: "Mtoa huduma anaweza kuhamishia taarifa binafsi za mtumiaji, zikiwemo lakini si tu namba ya simu na mahali alipo, kwa watoa huduma za malipo na usafirishaji, kwa kadiri inavyohitajika kutekeleza oda."

Kijana wa masoko alikuwa ameshakirahisisha: "Tunampa dereva namba yako ili akuletee mzigo." Inasomeka vizuri sana, ila kampuni ya malipo imetoweka, mahali ulipo pametoweka, orodha iliyokuwa wazi imefungwa, na kikomo cha "inavyohitajika", ambacho kinamlinda mteja, nacho kimeondoka. Tulichokubaliana na mwanasheria ni hiki: "Ukiweka oda, tunaweza kuzipa kampuni za malipo na za usafirishaji taarifa zako binafsi. Mfano ni namba yako ya simu na mahali ulipo, lakini zinaweza kuwa na nyingine pia. Tutatoa zile tu zinazohitajika ili oda yako ikamilike." Ni ndefu kuliko ya kijana, sawa, lakini mama muuza dagaa anaielewa kwa kuisoma mara moja tu.

Sasa angalia mtego ambao wengi hawauoni. Utatamani kuandika "unakubali tutoe taarifa zako" kwa sababu inasikika ya kirafiki. Usiandike hivyo kama sera haisemi hivyo. Hapa duka linatoa taarifa kwa sababu oda haiwezi kufika bila hizo, halijaomba ridhaa. Ukiingiza "unakubali", mteja ataamini anaweza kuiondoa ridhaa hiyo kesho na mzigo bado ukamfikia. Kinyume chake pia kipo: matangazo ya SMS yanaombewa ridhaa, halafu mtu anaandika "tutakutumia ofa zetu", na hiari imeyeyuka. Kwenye jedwali weka safu inayosema wazi kama kifungu kinajulisha au kinaomba, na kwa kila kifungu ambacho huna uhakika muulize mwanasheria. Hilo si lako kuamua, hasa sasa ambapo kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Tangazo la kuki, yaani vijifaili ambavyo tovuti huhifadhi kwenye simu au kompyuta ya mteja, ni fupi, ila vitufe vyake ndivyo vyenye uzito. Wale jamaa wa dagaa walikuwa wameandika "Sawa" kwenye kitufe cha kukubali. Kwetu ukimwambia mtu jambo akajibu "sawa", mara nyingi amesema tu kwamba amesikia. Andika "Nakubali kuki zote" na "Nakataa zisizo za lazima", vitufe viwe na ukubwa mmoja, na juu yake useme kuki zisizo za lazima zinafanya nini: kuhesabu wanaotembelea, au kukufuata kwa matangazo. "Kuboresha huduma" pekee haimwambii mtu kitu.

Halafu kagua kama maneno yako ni kweli. Fungua duka kwenye dirisha la faragha la Chrome, bonyeza "Nakataa", kisha bonyeza F12 na uingie Application, halafu Cookies. Ukiona `_ga`, hiyo ni kuki isiyo ya lazima ya Google Analytics, huduma ya kuhesabu wanaotembelea tovuti, na kwa kawaida hukaa zaidi ya mwaka mmoja. Hapo hakuna sentensi itakayokuokoa. Mrudishie fundi wa tovuti arekebishe kwanza.

Mwisho, mpe maandishi mtu ambaye hajaiona sera ya awali, umuulize maswali ya ndiyo na hapana. "Kampuni ya malipo inaweza kupata namba yako?" "Wanaweza kuipata bila kukuuliza tena?" Majibu yake linganisha na jedwali. Kwangu swali la pili ndilo lililoangusha wengi: walisoma "tunaweza" kama uwezo wa mitambo tu, wakadhani wataulizwa. Kwa kuwa ndivyo sera ilivyokuwa, mwanasheria aliruhusu tuongeze "bila kukuuliza kila mara".

Na kama sera ina kifungu kwamba toleo la Kiingereza ndilo litakaloshinda pakitokea tofauti, kipandishe juu kabisa, mstari wa kwanza. Mimi ningewashauri wakifute na matoleo yote mawili yawe na nguvu sawa, ila hilo wao na mwanasheria wao ndio waamue.