Weusi ule haukuwa uchafu

Kwa miezi kadhaa nilikuwa nausugua mguu wangu wa kushoto kwa dodoki kila jioni. Juu kidogo ya kifundo, upande wa ndani, palikuwa na baka jeusi la ukubwa wa kiganja cha mtoto, linang'aa kama limepakwa mafuta. Mimi ni kinyozi hapa Tanga. Huu ni mwaka wa 19 nasimama nyuma ya kiti kuanzia saa 3 asubuhi mpaka saa 2 usiku, na nywele za wateja hushuka mpaka ndani ya viatu. Nikaamini ni uchafu wa kazi. Mke wangu ndiye aliyenishtua: "Baba Asha, uchafu gani huo usiosikia sabuni? Utajichuna."

Nikajichuna kweli. Baka lilikuwa linawasha usiku, nikawa nakuna bila kujijua, na asubuhi moja nikakuta kidonda kidogo, sawa na sarafu. Kidonda hicho ndicho kilichonipeleka hospitali. Miguu mizito kama imefungwa magunia ya mchanga haikunipeleka, wala mishipa iliyojiviringa kwenye shavu la mguu kama nyungunyungu waliojificha chini ya ngozi. Hivyo vyote nilikuwa nimeshavizoea. Kila kinyozi mzee ninayemjua anavyo.

Daktari alinieleza hivi. Damu ikishuka miguuni inarudi moyoni kwa mishipa inayoitwa vena. Inapanda mlima, na kinachoisukuma ni shavu la mguu: kila ukipiga hatua, msuli unakaza na kukamua damu kwenda juu. Ndani ya vena kuna vilango vidogo vinavyofunguka kuelekea juu tu, ili damu iliyopita isirudi. Vilango vikilegea, damu inateremka tena na kutuama chini. Vena inatanuka, inajikunja, inatokeza. Hiyo ndiyo varikosi. Anayetembea sana ana nafuu, maana pampu yake inafanya kazi. Anayesimama palepale kutwa nzima, kama mimi, ana maji ndani ya bomba lakini pampu imezimwa.

Na weusi je? Damu ikituama muda mrefu, shinikizo linasukuma chembe nyekundu zitoke kwenye vimishipa vidogo na kuingia kwenye nyama ya chini ya ngozi. Huko zinakufa na kuacha chuma chake. Kwa maneno ya kiwandani, nilikuwa nimeota kutu. Ndiyo maana dodoki halikufaa kitu, na ndiyo maana krimu za kung'arisha ngozi hazifai kitu pia: rangi haiko juu, iko chini. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, wekundu wa mwanzo hauonekani vizuri, kwa hiyo usiusubiri. Sikiliza muwasho, na pitisha kidole. Ngozi ikiwa ngumu kama ya ngoma, haibonyei na haibaniki kwa vidole viwili, mambo yamekwenda mbali, na kidonda hakiko mbali.

Tiba ya kwanza niliyopewa ni kubana mguu. Kidonda kikiwa wazi walitumia bendeji, nesi akiifunga mwenyewe kuanzia mzizi wa vidole hadi chini ya goti. Kilifunga baada ya wiki 11. Ndipo nikahamia kwenye soksi za kubana, na hapo ndipo nilipoharibu.

Nilikwenda duka la dawa, nikataja namba ya kiatu changu, nikapewa boksi. Siku ya pili jioni nikakuta mtaro umechimbika chini ya goti na mguu umevimba chini ya mtaro huo kuliko siku zote. Nilikuwa nimeukunja ukingo wa juu kwa sababu soksi ilikuwa ndefu. Soksi ya kubana imetengenezwa ibane zaidi kwenye kifundo na kulegea taratibu inavyopanda, ili damu isukumwe juu. Ukikunja ukingo, unafanya tabaka mbili pale juu ambapo panatakiwa pawe pepesi zaidi. Unakuwa umejifunga kamba.

Kwa hiyo soksi hizi hazinunuliwi kwa namba ya kiatu. Zinapimwa kwa futi ya fundi cherehani, asubuhi kabla mguu haujavimba. Pima mzunguko mahali pembamba kabisa, juu tu ya kifundo; pima shavu pale palipo panene; kisha pima urefu kutoka kisigino mpaka kwenye mkunjo wa nyuma ya goti. Mimi ni sentimita 23, 37 na 41. Kwenye boksi kuna jedwali, unatafuta vipimo vyako viangukie wapi. Kipimo cha kifundo ndicho kinachotawala. Kisha angalia nguvu ya kubana, imeandikwa kwa mmHg, kipimo kilekile cha presha. Mimi niliandikiwa 20–30 mmHg. Iliyo chini ya hapo husaidia uchovu wa kawaida na safari ndefu, na iliyo juu ya hapo usijiandikie mwenyewe.

Hata 20–30 hawakunipa hivihivi. Kwanza walinilaza, wakanipima presha mkononi, kisha kwenye kifundo kwa kidude chenye sauti ya shuu-shuu kiitwacho Dopla. Mkono ulikuwa 130, kifundo 138. Nesi akagawanya ya mguu kwa ya mkono, akapata 1.06, akasema, "Kaka, damu inafika chini vizuri. Tatizo lako ni kurudi tu, tunaweza kubana." Ingekuwa chini ya 0.8, ingemaanisha mishipa inayoleta damu imeziba kiasi, na kuukaza mguu wa namna hiyo kunaweza kuua vidole. Kwa mwenye kisukari hesabu hiyo yenyewe inaweza kudanganya, kwa kuwa mishipa yake hukakamaa na kutoa namba nzuri ya uongo. Huyo aangaliwe kwa makini zaidi.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya mzee mmoja, mteja wangu wa ndevu kila Ijumaa. Aliniona navaa soksi, akasema, "Mwanangu, hizo zako za zamani niachie na mimi nijaribu. Miguu inanitesa."

Nikamwambia, "Baba, inakutesa vipi hasa?"

Akasema akitembea kutoka msikitini shavu linakaza mpaka asimame, akisimama linaachia. Usiku akiinyoosha miguu kitandani inauma, mpaka aining'inize chini ndipo anapata usingizi. Vidole baridi. Ni mvutaji wa miaka mingi.

Mimi si daktari, lakini hiyo ilikuwa kinyume changu kabisa. Mguu wangu hulalamika nikisimama, hupoa nikiupandisha juu ya mto. Wake ulilalamika akiupandisha, ukapoa akiushusha. Wangu umeshindwa kurudisha damu, wake haupati ya kutosha. Soksi iliyoniponya ingemkata. Sikumpa, nikamsindikiza akapimwe, na kweli kifundo chake kilisoma nusu ya mkono wake. Nilifurahi kwamba nilikuwa mchoyo siku hiyo.

Kuvaa ni kazi ya ufundi. Vaa kabla hujashuka kitandani. Ukishasimama hata kuoga tu, damu imeshatuama. Ikitokea umeshuka, lala chali dakika 20 miguu ikiwa juu kuliko moyo, kisha vaa. Ingiza mkono ndani ya soksi, kamata kisigino chake, igeuze ndani nje hadi hapo. Ingiza mguu, kisigino kikae kwenye kisigino, ndipo uipandishe kidogokidogo. Usivute ukingo wa juu. Nilikuwa navuta, nikatoboa mbili. Sasa navaa glavu za mpira za kuoshea vyombo na kuisukuma soksi juu kwa viganja, kama mtu anayepaka mafuta. Glavu hushika kitambaa vizuri ajabu, na huondoa mikunjo. Ukingo uishie vidole viwili chini ya mkunjo wa goti. Kisha bonyeza ukucha wa kidole gumba cha mguu, uachie: rangi irudi upesi. Ganzi, vidole kupauka au maumivu mapya ni amri ya kuvua, si ya kuvumilia.

Joto la Tanga ni adui wa kweli, sitakudanganya. Nilichagua zilizo wazi vidoleni. Ninazo jozi mbili, moja mguuni na moja kwenye kamba. Nazifua kila siku kwa sabuni laini na maji ya uvuguvugu na kuzianika kivulini, kwa sababu jua na jiki hula mpira wake. Vaselini isiyo na manukato napaka usiku nikishavua, maana ngozi ya baka hukauka na kuwasha, na ukipaka asubuhi soksi haipandi. Baada ya miezi 6 hivi soksi imekufa hata kama haijatoboka. Utajua siku itakapoingia kirahisi, uanze kujisifu kuwa umekuwa fundi.

Kazini nimenunua stuli ndefu ya magurudumu, upande mmoja wa kichwa nanyoa nimekaa. Kati ya mteja na mteja nasimama kwa ncha za vidole na kushuka, mara 20. Wateja wanacheka. Nimeacha pia kuchuliwa kwa maji ya moto na dawa za kuchoma, kwani joto hutanua vena na jioni mguu huwa mzito zaidi.

Mambo mawili hayasubiri soksi. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kupata joto, hasa ukiambatana na kukosa pumzi au kifua kuuma, kimbia hospitali, huenda damu imeganda ndani. Na mshipa uliotokeza ukipasuka, lala chini, inua mguu juu na ugandamize kitambaa safi palepale kwa dakika 15 bila kuchungulia. Usifunge kamba juu ya jeraha. Kamba huzuia damu kurudi na kuifanya imwagike zaidi.

Soksi hazijafuta nyungunyungu wangu, na ukizivua wiki moja uzito unarudi. Baka limepungua rangi kidogo baada ya mwaka, si zaidi. Kipimo cha ultrasaundi kimeonyesha kilango kilicholegea kiko juu, kwenye paja, katika vena ndefu ya upande wa ndani, na kwa kuwa ngozi imeshaguswa daktari anataka iunguzwe kwa ndani kwa leza, au ichomwe sindano ya povu ijifunge. Nilimuuliza damu itapita wapi. Akasema vena za ndani zaidi ndizo zinazobeba sehemu kubwa siku zote, na kwangu zimepimwa, ni nzima. Nimekubali leza. Nimepangiwa mwezi ujao, na tayari nimemtafuta kijana wa kunishikia kiti.